Mwalimu anapomwandikia wakala wa ajira

Barua pepe ya kujitambulisha kwa wakala wa ajira huwa fupi, kwa kawaida kati ya maneno 150 na 200, na kazi yake ni moja tu: kumfanya wakala apige simu. Kwa mwalimu anayetaka kuacha darasa na kuwa mkufunzi wa wafanyakazi katika benki, kampuni ya simu au hoteli, barua hiyo ina mzigo wa ziada. Wasifu wake umejaa majina ya shule, madarasa na masomo, na hakuna mstari hata mmoja wenye cheo kinachofanana na kile kilichotangazwa. Wakala akipitia wasifu huo peke yake ataona mwalimu, atauweka kando, na ataendelea na waombaji ambao tayari wana neno “mkufunzi” katika kazi zao zilizopita.

Wakala hafanyi hivyo kwa dharau. Analipwa na kampuni inayotafuta mtu, naye hupeleka kwa mteja wake majina machache tu, kila jina likiwa na mistari miwili au mitatu ya kueleza kwa nini limo. Akimpeleka mwalimu, ndiye atakayeulizwa, “Huyu umemtoa wapi?” Kwa hiyo barua nzuri humpa wakala jibu la swali hilo likiwa tayari. Humwandikia sentensi ambazo anaweza kuzinakili na kuzipeleka kwa mteja bila kuzibadilisha. Sentensi kama “nina uwezo mkubwa wa mawasiliano” haifai kwa kazi hiyo, kwa kuwa kila mwombaji ameiandika. Inayofaa ni ile inayotaja kazi iliyofanyika, ukubwa wake, na kilichobadilika baadaye.

Ili kupata sentensi za namna hiyo, mwalimu lazima kwanza ajue mkufunzi wa wafanyakazi hufanya nini hasa. Wengi hudhani kazi hiyo ni kusimama mbele ya watu na kuzungumza, na kwa kuwa wamefanya hivyo miaka mingi, hujiona wamekamilika. Kuzungumza mbele ya washiriki ni sehemu moja tu. Mfumo unaotumika sana katika fani hii ulibuniwa mwaka 1975 katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida kwa ajili ya jeshi la Marekani, nao hugawa kazi katika hatua tano: kuchunguza mahitaji, kusanifu mafunzo, kutengeneza vifaa, kuyaendesha, na kuyatathmini. Hatua tatu za katikati mwalimu anazijua vizuri kuliko anavyodhani. Azimio la kazi ni usanifu wa mafunzo ya mwaka mzima. Andalio la somo ni mpango wa kipindi kimoja, wenye lengo mahsusi, shughuli za mwezeshaji, shughuli za washiriki na namna ya kupima. Maofisa mafunzo wengi walioanzia katika kazi nyingine hawakuwahi kufundishwa kuandika lengo linalopimika. Mwalimu aliyepita chuo cha ualimu aliandika mamia kabla hajaajiriwa.

Udhaifu wake uko mwanzoni na mwishoni. Shuleni hakuna anayemwuliza mwalimu wanafunzi wanahitaji kujifunza nini, kwa sababu muhtasari wa somo umeshaandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Katika kampuni hakuna muhtasari. Meneja husema tu kwamba malalamiko ya wateja yameongezeka, na mkufunzi ndiye anayepaswa kwenda kuangalia kama tatizo ni ujuzi, upungufu wa watu kaunta, au mfumo wa kompyuta unaokwama kila saa nne asubuhi. Mara nyingine jibu sahihi ni kwamba mafunzo hayatasaidia kitu, na mkufunzi mzuri husema hivyo.

Kuhusu tathmini, kipimo kinachotajwa zaidi katika fani hii ni cha Donald Kirkpatrick wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliyekitoa katika makala zilizoanza kuchapishwa mwaka 1959. Yeye aligawa tathmini katika ngazi nne. Ya kwanza huuliza kama washiriki waliyapenda mafunzo. Ya pili huuliza kama walijifunza. Ya tatu huangalia kama tabia yao kazini ilibadilika, na ya nne kama shirika lilipata matokeo. Mwalimu ni bingwa wa ngazi ya pili: hutunga maswali, husahihisha, hutoa alama, hulinganisha mihula. Ngazi ya tatu na ya nne hakufundishwa kuzifuatilia. Mwanafunzi wake akifaulu mtihani, kazi imekwisha. Hakuna anayemfuata miezi sita baadaye kuona kama anatumia alichojifunza. Mwajiri kwa upande wake hulipia ngazi ya tatu na ya nne. Hii ndiyo sababu barua inayojivunia matokeo ya mtihani wa taifa huwa haimgusi wakala. Idadi ya alama A ni ushahidi wa ngazi ya pili, tena ushahidi wenye doa, kwa kuwa shule inayochagua wanafunzi hodari itapata A nyingi hata mwalimu akiwa wa kawaida.

Basi mwalimu anayetafuta ushahidi wa kuweka katika barua asianzie darasani. Aanzie pale alipowafundisha watu wazima kazi fulani, na watu hao wakaanza kuifanya tofauti. Karibu kila mwalimu mwenye miaka kadhaa kazini ana tukio la namna hiyo, ila hakulihesabu kuwa ni kazi kwa sababu halikuwa katika ratiba ya vipindi. Katika shule za serikali, mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, maarufu kwa jina la MEWAKA, huwakutanisha walimu katika jumuiya za kujifunza shuleni kwao, na anayeongoza vikao hivyo anafundisha watu wazima walioajiriwa, mahali pao pa kazi. Wengine walimlea mwalimu mpya muhula wake wa kwanza, au waliwapokea walimu wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo na kuwatazama wakifundisha, kisha kukaa nao kuwaeleza la kurekebisha. Kumweleza mtu mzima kosa lake bila kumvunja moyo ni ujuzi ambao mkufunzi wa wafanyakazi huutumia kila wiki.

Mfano mmoja utaonyesha jinsi ushahidi huo unavyopatikana. Tuseme mwalimu wa Morogoro amefundisha masomo ya biashara na uwekaji hesabu kwa miaka tisa katika sekondari ya binafsi. Ameona tangazo la wakala wa ajira: benki inatafuta mkufunzi wa wafanyakazi wa kaunta na huduma kwa wateja, mwenye uwezo wa kuandaa moduli, kuendesha mafunzo matawini na kupima matokeo. Rasimu yake ya kwanza inasomeka hivi:

“Mimi ni mwalimu mwenye uzoefu wa miaka tisa. Ninapenda sana kufundisha na nina uwezo wa mawasiliano, uongozi, ubunifu na kufanya kazi na watu wa aina zote. Nimechoka na mazingira ya shule na natafuta changamoto mpya. Ninaamini ujuzi wangu utafaa katika taasisi yenu. Nimeambatisha vyeti vyangu vyote.”

Kosa la rasimu hii si adabu wala lugha. Kosa ni kwamba inaweza kutumwa na mwalimu yeyote kwa nafasi yoyote. Kipimo rahisi ni kufunika jina la mwandishi na kuuliza kama mwalimu wa chumba cha pili angeweza kuituma bila kubadilisha neno. Kama angeweza, hakuna ushahidi ndani yake. Kuna pia makosa madogo: “taasisi yenu” inaonyesha kuwa mwandishi hajatambua kwamba wakala si benki, na “nimechoka” inampa msomaji sababu ya kuwa na shaka kabla hajaona sababu ya kupendezwa.

Akiulizwa ni wakati gani aliwafundisha watu wazima, mwalimu huyu anakumbuka kwamba mwaka 2023 shule yake iliacha kuandika matokeo kwenye madaftari ikaanza kutumia Excel, na mkuu wa shule akampa kazi ya kuwafundisha walimu wenzake 24. Hakuona kuwa ni jambo kubwa. Lakini ukilipitia tukio hilo kwa hatua tano za mkufunzi, kila hatua imo. Kabla ya kuanza alimpa kila mwalimu faili lenye majina kumi na kumwomba ajaze alama, akagundua kwamba karibu nusu yao hawajui hata kuhifadhi faili. Huo ni uchunguzi wa mahitaji. Aliwagawa katika makundi mawili, akaandika mwongozo wa kurasa sita wenye picha za skrini, akaendesha vipindi vitatu vya mchana. Muhula uliofuata walimu 21 kati ya 24 walijaza matokeo wenyewe bila msaada. Hiyo ni ngazi ya tatu ya Kirkpatrick, imepatikana bila yeye kujua jina lake. Na ripoti za wazazi, ambazo zilikuwa zikichukua wiki mbili, zilitoka kwa siku nne.

Namba hiyo ya mwisho inahitaji uangalifu. Sehemu ya muda uliookolewa ilitokana na Excel yenyewe, ambayo hujumlisha na kupanga kwa sekunde. Si yote ni matunda ya mafunzo. Mwandishi mkweli huiweka namba hiyo kama tokeo la mradi mzima na kuiacha ile ya walimu 21 ibebe sifa ya ukufunzi. Msomaji mzoefu hutofautisha haraka, na akimbana mwombaji kwenye simu kuhusu siku nne zile, jibu linapaswa kuwepo.

Rasimu ya pili basi inaweza kuwa hivi:

“Kichwa: Mkufunzi wa wafanyakazi wa kaunta: mwalimu wa uwekaji hesabu, miaka 9, Morogoro

Ndugu (jina la wakala),

Naomba kufikiriwa kwa nafasi ya mkufunzi wa wafanyakazi wa kaunta na huduma kwa wateja mliyoitangaza wiki hii kwa niaba ya mteja wenu. Nafundisha masomo ya biashara na uwekaji hesabu sekondari, na pia nimewahi kuwafundisha walimu wenzangu mfumo mpya wa kazi.

Mwaka 2023 shule yetu ilihamia Excel katika kutunza matokeo, nami nikapewa jukumu la kuwafundisha walimu 24. Niliwapima kwanza, nikawagawa makundi mawili kulingana na uzoefu wao, nikaandika mwongozo wa kurasa 6 na kuendesha vipindi vitatu. Muhula uliofuata walimu 21 walijaza matokeo wenyewe. Mradi mzima ulipunguza muda wa kutoa ripoti za wazazi kutoka wiki mbili hadi siku nne.

Tangazo linataja uandaaji wa moduli. Nimeandika vitini vya uwekaji hesabu vya kidato cha tatu na cha nne vinavyotumiwa pia na walimu wengine wawili. Nimeambatisha wasifu wangu na kurasa mbili za mwongozo wa Excel kama sampuli.

Sijafanya kazi benki. Taratibu za kaunta nitahitaji kujifunza, na ningeomba kukaa na wafanyakazi tawini kwa wiki chache kabla ya kuandaa mafunzo yao.

Mkataba wangu unataka notisi ya siku 28. Napatikana kwa simu siku za kazi baada ya saa tisa alasiri.

Wako,
(jina kamili, namba ya simu)”

Kichwa cha barua kimeanza na cheo kinachoombwa kwa sababu simu nyingi huonyesha maneno machache tu ya mwanzo, na wakala mwenye nafasi kumi za kujaza hupanga barua kwa vyeo. Neno “Maombi” peke yake halimsaidii. Aya ya kwanza inaitaja nafasi, inaonyesha kwamba mwandishi ameelewa kuwa kuna mteja nyuma ya wakala, na inakiri palepale kuwa yeye ni mwalimu. Kuna wanaojaribu kulificha hilo. Huandika kwamba “waliwahudumia wateja wa ndani wenye umri wa miaka 14 hadi 18”, na msomaji anapogundua kuwa wateja hao ni kidato cha kwanza hadi cha nne, hucheka, kisha huacha kuamini kila kilichofuata. Mwanafunzi aitwe mwanafunzi. Kinachofaa kubadilika ni uteuzi wa matukio: yale yanayofanana na kazi mpya yatangulie, mengine yabaki kwenye wasifu.

Aya ya pili ndiyo moyo wa barua, na ndiyo pekee yenye haki ya kuwa ndefu. Imeshika tukio moja na kulieleza kwa ukamilifu. Walimu wengi huvutwa kutaja matukio sita kwa nusu sentensi kila moja: kusimamia michezo, kuwa mwalimu wa zamu, kuongoza klabu ya mdahalo, kuwa mwalimu wa taaluma. Kila moja lina ujuzi ndani yake, lakini likitajwa kwa jina tu, wakala atalazimika kukisia ujuzi gani, naye hana muda wa kukisia. Kati ya hayo yote, kazi ya mwalimu wa taaluma ndiyo inayoweza kushindana na mfano wa Excel, kwa kuwa ndani yake kuna kupanga ratiba, kufuatilia utekelezaji wa mtaala na kuwadai wenzako kazi bila kuwa bosi wao. Mkufunzi wa kampuni hukutana na hali hiyohiyo: mameneja wa matawi hawako chini yake, lakini bila wao kuwaruhusu watu waondoke kaunta hakuna mafunzo.

Aya ya tatu inachukua maneno ya tangazo lenyewe, “uandaaji wa moduli”, na kuyajibu. Si kunakili kwa ujanja. Wakala huwa na orodha ya sifa aliyopewa na mteja, naye huweka alama ya vema kila anapoona neno lake. Tangazo likiwa limeandikwa kwa Kiingereza, kama yalivyo mengi ya mabenki, barua nayo iandikwe kwa Kiingereza na itumie maneno ya tangazo. Mpangilio wa aya haubadiliki. Sampuli ya kurasa mbili ina uzito kuliko cheti cha tano, kwa sababu inamwonyesha wakala jinsi mwombaji anavyoeleza jambo kwa mtu asiyelijua.

Aya ya nne huwatisha walimu wengi, nao huiacha. Pengo lipo, na wakala ameliona kabla ya kufika hapo. Likitajwa kwa sentensi mbili, pamoja na njia ya kuliziba, linaacha kuwa siri na kuwa mpango. Maneno “kukaa na wafanyakazi tawini” yana faida nyingine: yanaonyesha kwamba mwombaji anajua mafunzo huanza kwa kutazama kazi, yaani ile hatua ya kwanza ambayo walimu hudhaniwa hawana. Benki pia ina mafunzo ambayo hurudiwa kwa kuwa sheria inadai, kama yale ya kumtambua mteja na kuzuia utakatishaji wa fedha. Humo kila mfanyakazi lazima ahudhurie, ajibu maswali na kumbukumbu zitunzwe. Mwalimu aliyezoea mahudhurio na mitihani huzoea upande huo haraka, na anaweza kuutaja akipigiwa simu.

Notisi ya siku 28 imewekwa kwa sababu ni swali la kwanza la wakala kwa mtu aliye kazini. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka siku hizo kuwa kiwango cha chini kwa anayelipwa kwa mwezi baada ya mwezi wa kwanza wa ajira. Mkataba unaweza kutaka zaidi, kwa hiyo mwalimu ausome kabla ya kuandika. Mwalimu wa serikali ana taratibu zake za utumishi wa umma, naye aziulize kwa mwajiri wake kabla ya kuahidi tarehe. Kwa mwalimu, tarehe ina uzito wa pekee: anayeondoka katikati ya muhula huacha kidato cha nne bila mwalimu, na wakala anayejua hilo atataka kusikia kama mwombaji amelifikiria.

Mshahara haumo katika barua, isipokuwa tangazo limeuuliza. Akiulizwa kwa simu, mwalimu aulizie kwanza kiwango ambacho mteja ametenga. Akitaja mshahara wake wa sasa wa shule binafsi, namba hiyo inaweza kuwa msingi wa mazungumzo yote, ilhali nafasi yenyewe ina kiwango chake.

Viambatisho viwe vichache na viwe PDF, vyenye majina yanayojieleza. Faili linaloitwa “scan0012” hupotea mara linapopakuliwa. Vyeti vilivyopigwa picha kwa simu hufanya barua iwe nzito, na Gmail hairuhusu kutuma viambatisho vinavyozidi MB 25 kwa jumla. Vyeti vitaombwa baadaye. Sampuli zichunguzwe majina. Karatasi ya Excel yenye majina halisi ya wanafunzi na alama zao ni taarifa binafsi za watoto, zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mkufunzi anayezisambaza ili kupata kazi benki amejinyima kazi mwenyewe, kwa kuwa benki huishi kwa kutunza siri za wateja. Majina yafutwe na kuwekwa ya kubuni.

Nchini Kenya kuna mstari mmoja wa kuongeza. Waajiri huko hulipa tozo ya mafunzo kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, nao wanaweza kurudishiwa sehemu ya gharama mafunzo yakiendeshwa na mtoaji aliyesajiliwa na mamlaka hiyo. Mwalimu ambaye tayari amejisajili, au ameanza kufuatilia usajili, alitaje hilo mapema katika barua, hasa akiiandikia kampuni inayouza mafunzo kwa waajiri wengine.

Wakala asipojibu ndani ya wiki moja, ujumbe mmoja wa mistari miwili unatosha, ukitumwa kama jibu juu ya barua ileile ili ile ya mwanzo ionekane chini yake. Akijibu, mara nyingi hatua ifuatayo ni simu fupi, kisha kwa nafasi za ukufunzi mwombaji huombwa aendeshe kipindi cha majaribio cha dakika 10 hadi 20 mbele ya watu wa rasilimali watu. Hapo ndipo walimu wengi huteleza kwa namna wasiyoitarajia: hugeukia ubao na kuanza kutoa maelezo, wakati wanaowatazama wanasubiri kuona washiriki wakipewa kazi ya kufanya. Kwa nafasi ya kaunta, kuwapa watu wawili kadi zenye lalamiko la mteja na kuwaacha waigize kwa dakika tano kunaonyesha zaidi kuliko maelezo ya robo saa kuhusu huduma bora.

Wakala akisema nafasi imejazwa, mwalimu amwombe abaki na wasifu wake kwenye kumbukumbu chini ya cheo cha mkufunzi, na amtajie aina mbili za waajiri anaowalenga. Wakala huyo akipata mteja mwingine mwenye hitaji hilo, atatafuta kwa cheo, na cheo kitakuwepo.